Maotea Yenye Mahitaji Maalumu

Kuna siku nilicheka ukumbini Buganguzi mpaka nikatoka nje kujishikilia ukutani. Aliyenichekesha alikuwa mtu mzima wa heshima zake, amesimama mbele ya wanachama na koti lake la Jumapili, anasoma kwa sauti ya kuhubiri. Hakuwa na habari kwamba anachekesha. Na aliyekuwa amemtia wazimu ule ni mimi.

Mimi ni mhariri. Nina chumba changu Bukoba mjini, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, na humo naletewa kila aina ya maandishi: katiba za vikundi, historia za sharika, kumbukumbu za wazee wanaotaka wajukuu wajue walitoka wapi. Kazi naipenda kupita kiasi. Ubaya wangu ni mmoja, hasira zangu ziko karibu sana. Nikikuta sentensi ya kipuuzi nainuka kitini na kuigombeza kana kwamba imeingia na miguu yake, na wa dukani chini wameshazoea, hawaulizi tena.

Basi chama kidogo cha wakulima wa kahawa huko kwetu upande wa Buganguzi kikataka kuchapa kitabu cha mwongozo. Aliyekiandika alikuwa ofisa wa kilimo mstaafu ambaye wilaya nzima ya Muleba inamwita Bwana Shamba. Aliyemrithi ofisini ni mwanamke, na unajua watu wanamwitaje? Bwana shamba wa kike. Nilipolisikia hilo nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena. Ofisa ugani lipo, jina zuri tu, halina suruali wala sketi, lakini nani analitumia?

Nilianza kuusoma mswada asubuhi na kikombe cha chai, na chai ikapoa. Mambo ya kahawa mle mswadani yalikuwa ya kweli, mzee anaijua. Lakini watu, jamani! "Mkulima aamke mapema, amwamshe mke wake, ampe maelekezo ya siku." "Akina mama na watoto waanike kahawa kwenye vichanja, kwa kuwa kazi hiyo haihitaji akili nyingi." Haihitaji akili! Mtu anayegeuza kahawa siku nzima huku akitazama wingu la ziwani lisimkute! Mbele kidogo kulikuwa na "vilema, bubu na wengine wasiojiweza wapewe kazi ya kuchambua, ili nao wajione ni watu." Niliinuka kitini. Niliigombeza ile sentensi mpaka nikasikia koo linawasha.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa shamba darasa, hapo hasira ikapoa, nikakaa tena kitini. Chama kilikuwa kinataka kuchagua mkulima mwezeshaji, yaani mkulima ambaye wenzake watakwenda kujifunzia shambani kwake, kuanzia kukatia mibuni mpaka kuanika. Sifa ziliandikwa hivi: "Awe mwanaume mwenye familia, mwenye viungo kamili, asizidi miaka sitini."

Nilimjua mtu mmoja anayeitaka nafasi ile kuliko kitu kingine chochote duniani. Shangazi yangu.

Shangazi yuko miaka ya sabini. Mguu wake mmoja ulipooza utotoni kwa polio, anatembea na fimbo, na mibuni yake anaikatia akiwa amekaa kwenye kigoda, anasogea nacho shina hadi shina. Kibanja kile, shamba la kahawa na migomba kuzunguka nyumba, aliachiwa na marehemu mume wake, na shemeji zake walimsumbua wee, mpaka wakachoka wenyewe. Maisha yake yote amekuwa akiambiwa kaa, pumzika, utaumia, wewe tutakuletea. Ile nafasi ilipotangazwa kanisani alinipigia simu kabla hajafika nyumbani.

"Hicho kitabu cha Bwana Shamba si kiko kwako?" akaniuliza. "Kinasemaje kuhusu mwalimu wa shamba darasa?"

Nikamsomea.

"Kwa hiyo nimetolewa mara tatu kwenye mstari mmoja," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kalamu iko mkononi mwa nani?"

"Mkononi mwangu."

"Basi futa, unangoja nini?"

Ningependa kusema nilifuta. Lakini mhariri ana mpaka wake. "Bubu" naweza kulibadilisha na kumweleza mwandishi sababu. Sentensi inayomdharau mtu naweza kuipinda ikanyooka. Ila ile haikuwa lugha peke yake, ilikuwa kanuni, na kanuni ya chama ni ya wanachama. Ningeifuta kimyakimya, ingekuwa nimewaibia, tena kwa faida ya shangazi yangu mwenyewe. Nikamwambia nitaweka swali pembeni ya ukurasa, na chama kitalijibu mbele ya watu.

"Swali!" akasema. "Mtoto wa kaka yangu amesomeshwa mpaka chuo kikuu ili aulize maswali." Akakata simu.

Nikamwita Bwana Shamba mjini. Alikuja amenyooka, akakaa, nikamwamkia, nikampa chai, kisha nikafungua mswada wake uliojaa wino mwekundu. Uso ulimbadilika.

"Binti yangu, hii ni damu au wino?"

"Ni wino, mzee. Damu ilikuwa yangu wakati nasoma."

Alikuwa mgumu mwanzoni. Akasema lugha hizi mpya ni za semina, za watu wanaolipwa posho ya kukaa. Nikamuuliza: hapo Buganguzi, nani anaanika kahawa nyumbani kwako? Mke wangu, akasema. Nikamwambia ampigie simu sasa hivi amsomee ile sentensi ya akili nyingi. Alinitazama, akatazama simu, akairudisha mfukoni. Tangu hapo tukaelewana.

Tulifanya kazi vizuri, acha niseme ukweli. Pale alipoandika "mkulima na mke wake" tuliacha kabisa kumtaja nani ni nani, tukaongea na msomaji moja kwa moja: chuma kahawa iliyoiva tu, anika siku hiyohiyo, geuza mara kwa mara. Kitabu kikapumua. Nikamweleza kwamba ulemavu unatajwa pale tu unapohusika na jambo lenyewe, na kwamba tunaanza na mtu, mtu mwenye ulemavu, kwa sababu kabla ya yote huyo ni mtu. Nikamweleza kwamba kinyume chake si "watu wa kawaida", maana nani si wa kawaida? Ni watu wasio na ulemavu, basi. Na juu ya yote nikamwambia: usipojua mtu anapenda aitweje, muulize mwenyewe.

Akaenda kuuliza. Kuna mwanachama mmoja kiziwi, fundi wa vichanja, na mke wake ndiye anayetafsiri ishara. Bwana Shamba akamwomba radhi kwa lile "bubu", akamwambia sasa kwenye kitabu ataandikwa "mtu mwenye changamoto ya masikio". Fundi alisoma mikono ya mkewe, akakunja uso, akajibu kwa ishara ndefu. Mke akatafsiri: "Anasema masikio yake hayana changamoto yoyote, yamelala zamani. Yeye ni kiziwi. Changamoto ni nyie msiojua kuongea kwa mikono." Bwana Shamba alinisimulia kwenye simu anacheka hadi anakohoa, na kicheko kile kilinipa tumaini kubwa. Nilidhani ameiva.

Kumbe alikuwa amechacha.

Chama kile kina desturi yake ambayo sijaiona kwingine. Hakuna karatasi inayopelekwa kiwandani kuchapwa kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, toka mwanzo hadi mwisho, na yeyote ana haki ya kusema simama. Desturi ilianza enzi ambazo wengi hawakujua kusoma. Sasa wanajua, ila wameipenda. Watu wanakuja na mikeka, wanatafuna akamwani, ile kahawa yetu ya kuchemshwa na majani yenye harufu, na wanasikiliza kama hakimu.

Siku ya kusoma nilifika kutoka Bukoba na nakala yangu safi mkobani. Nikamkuta Bwana Shamba mlangoni, anang'aa.

"Binti yangu, ile acha," akasema. "Nimekesha nayo. Nimemalizia mwenyewe, nimechapisha pale Muleba. Utafurahi."

Moyo ukaniambia leo kuna jambo. Shangazi alikuwa amekaa mstari wa mbele, fimbo mapajani, amevaa gauni la gomesi la kitenge kipya. Hakuniangalia.

Bwana Shamba akaanza. Utangulizi ukaenda salama. Sura ya kwanza akasoma, "Kitabu hiki kimeandikwa kwa hekima ya watu wenye umri mkubwa wa Buganguzi."

"Simama!" Ni mzee mmoja wa nyuma, mwenyekiti wa zamani wa chama. "Hao ni akina nani?"

"Ni ninyi, wazee wangu. Ni lugha ya staha."

"Staha ipi? Nimesubiri miaka yote hii niitwe mzee. Nimeoza watoto, nimezika wazazi, nimekalia kiti. Leo nimekuwa mzee kamili, wewe unanipa umri mkubwa? Kobe naye ana umri mkubwa!"

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti wa sasa akagonga meza, akaamuru uzee urudishwe, ukarudishwa kwa makofi. Nikaandika. Nilikuwa bado nimejikaza.

Bwana Shamba akafuta jasho, akaendelea. Tukafika kwenye kukatia mibuni. Kwa wasiojua kahawa, maotea ni yale machipukizi yanayojitokeza kwenye shina. Mkulima anabakisha machache yenye nguvu na kuondoa mengine dhaifu. Kitabu kilisema hivyo tangu mwanzo na hakikuwa na tatizo lolote. Basi mzee akanyoosha karatasi, akasoma polepole, kila neno kwa heshima yake:

"Kagua shina. Maotea yenye mahitaji maalumu, yaondoe kwa mkasi mkali."

Mawe, mama yangu! Nilibana midomo. Nilijifinya. Akaendelea, "Na jogoo..." akasita, akarekebisha miwani, "na kuku wa jinsia ya kiume wasiruhusiwe kupekua kahawa iliyoanikwa." Hapo ndipo nilipotoka nje. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu anauliza kwa Kihaya kama kuku wa jinsia ya kike wameruhusiwa, na ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Nililia ukutani pale. Machozi hasa. Nilimpenda yule mzee kwa moyo wote. Aliwahi kuandika kwamba kuanika hakuhitaji akili, na sasa anayaonea huruma maotea.

Niliporudi ndani, kicheko kilikuwa kinaishaisha, watu wanajifuta macho, na Bwana Shamba naye anacheka, amekubali yaishe. Katika hali ile ya raha akafungua ukurasa wa shamba darasa. Akasoma bila wasiwasi, maana alijua amefanya kazi nzuri:

"Mkulima mwezeshaji awe wa jinsia yoyote. Asiwe mtu mwenye ulemavu wala mzee aliyezidi miaka sitini."

Alikuwa ameshajifunza kurudisha "mzee" papo hapo, na aliongeza tabasamu. Swali langu la pembeni hakulisoma. Nadhani aliona ameshalijibu kwa kutumia maneno mazuri.

"Simama," akasema Shangazi.

Hakusimama yeye. Alibaki amekaa, akapiga fimbo sakafuni mara moja.

"Bwana Shamba, asante waitu, ndugu yetu. Zamani ulinifukuza kwa matusi. Leo unanifukuza kwa heshima. Mlango ni uleule."

Hakuna aliyecheka. Nilifurahi kama mwehu, maana alikuwa amelisema kwa pumzi moja lile nililoshindwa kulieleza kwa wino wote ule mwekundu.

Bwana Shamba hakuwa mbaya, alikuwa na sababu. "Mama, mwezeshaji anahitaji nguvu," akasema. "Njia zetu ni milima. Nani atamfikisha huko na huko?"

"Mwezeshaji anakwenda wapi?"

"Kufundisha."

"Shamba darasa liko wapi?"

Akageuza ukurasa kutafuta.

"Liko shambani kwa mwezeshaji," Shangazi akasema. "Wanafunzi ndio wanakuja. Mimi nakaa kwenye kigoda changu nawasubiri. Hao unaotaka waje, hawana miguu?"

Sasa kicheko kikarudi, lakini cha aina nyingine, cha watu waliokamatwa. Wengi walikuwa wameshakwenda kwake kuomba kuonyeshwa jinsi ya kufufua shina la zamani. Walishapita mlima ule kwa miguu yao wenyewe. Bwana Shamba akavua miwani, akaitazama karatasi yake, akasema taratibu, "Hili sikulifikiria hata kidogo." Na nilimwona anaona aibu ya kweli.

Mwenyekiti akaniita. "Mhariri, tuandike nini?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Sikuwa na haki ya kuamua, nilikuwa na haki ya kuuliza. Nikauliza: mnataka mtu huyu afanye nini hasa? Waseme kazi, si mwili. Wakaanza kurushiana maneno kwa Kihaya na Kiswahili. Awe na mibuni inayotunzwa. Aweze kuonyesha na kueleza. Aelewane na watu. Awe na nafasi kibanjani kwake watu waweze kufika na kukaa. Fundi kiziwi akainua mkono, mkewe akatafsiri: na kila mafunzo yawe na mtu wa ishara akihitajika. Nikaandika yote, nikayasoma, wakapiga kura kwa mikono. Miaka sitini ikafa. Viungo kamili vikafa. Hata jogoo akarudishiwa ujogoo wake.

Jioni ile nilimkuta Shangazi nje anafunga kamba za viatu. Nikamwamkia. Akasema, "Sawa, swali lako limefanya kazi," na kwangu ile ilikuwa shahada ya pili.

Uchaguzi wenyewe ulifanyika baadaye, baada ya mashamba kutembelewa. Sikuweza kwenda, nilikuwa na kitabu kiwandani, na Bwana Shamba ndiye aliyenipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Shangazi alikuwa ameshindwa. Amechaguliwa jirani yake, mama mmoja mpole mwenye kibanja kizuri upande wa bondeni.

Niliumia sana. Nilikasirika, nikawatukana wanachama wote kimoyomoyo, nikapanda gari asubuhi yake kwenda Buganguzi na maneno ya pole nimeyapanga njiani. Nilimkuta kibarazani, fimbo kando, anatafuna akamwani, anatikisika mabega. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Shikamoo Shangazi. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini? Kaa nikwambie." Akanivuta mkono. "Walipofika kwenye jina langu wakaulizwa, nani ana neno? Mmoja akasimama akasema, huyu mama kahawa anaijua, lakini ana mdomo. Mwingine akasema, kweli kabisa, mimi alinifukuza kwake kwa sababu nimeshika mkasi vibaya. Mwingine akasema, atatufundisha siku moja na kututukana msimu mzima. Wakakubaliana wote! Hata Bwana Shamba alitikisa kichwa, nilimwona!"

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilikuwa nasubiri. Nikasema sasa hivi atatokea mtu ataje mguu. Hakuna. Nikasubiri wataje uzee. Hakuna. Ni mdomo, mdomo, mdomo mpaka mwisho." Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akanishika goti kwa nguvu. "Mtoto wa kaka yangu, tangu nizaliwe sijawahi kukataliwa vizuri namna hii."

Nilishindwa kujizuia, nikacheka naye mpaka kuku wakakimbia. Tulipotulia nikamuuliza kama atagombea tena mwaka mwingine. Akasema atagombea, tena bila shaka, ila mdomo habadilishi.